Siku sita za Hija, siku ishirini na tano za likizo: kisa cha karani wa mishahara wa Malindi

Barua ya kwanza ilirudi ikiwa na mstari mmoja wa kalamu nyekundu pembeni: "Nimesoma kwamba Hija ni siku sita. Mwezi mzima ni wa nini?" Chini yake meneja alikuwa ameongeza pendekezo: likizo ya wiki mbili kuanzia 29 Mei hadi 12 Juni 2025, na siku zitakazobaki zichukuliwe Agosti.

Mwombaji ni karani wa mishahara katika kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Malindi, yenye wafanyakazi kama hamsini kati ya duka la mjini, ghala na tawi la Watamu. Alikuwa na nafasi mbili katika kikundi cha mahujaji, yake na ya mamake mwenye miaka sabini na moja, anayetembelea mkongojo kwa ajili ya magoti. Aliniletea barua ile kwa sababu kabla ya kustaafu nilikuwa ofisa wa utumishi, na kwa sababu marehemu babake na mimi tulikulia mtaa mmoja Shela. Ameniruhusu nikieleze kisa, mradi majina yabaki nyumbani.

"Ami," akaniambia, "huyu bwana hataki niende. Kwa vile yeye si Mwislamu."

Nikamwambia anipe barua aliyoandika, si majibu aliyopewa. Ilikuwa na mistari minne. Baada ya salamu iliomba "ruhusa ya takriban siku 30 kwenda kutekeleza nguzo ya tano ya Kiislamu, inshallah mwezi wa Mei au Juni", ikaahidi kwamba "nitapatikana kwa simu wakati wote", ikashukuru. Hakukuwa na tarehe ya kuondoka, wala ya kurudi, wala jina la mtu atakayeshika kazi. Mtu aliyelelewa Malindi angeisoma akaelewa yote yasiyoandikwa, kwa kuwa kila mtaa umewahi kuwasindikiza mahujaji na kuwapokea. Meneja ni mtu wa bara, Mkristo, hajawahi kuishi na mtu aliyehiji. Alifanya lile ambalo mtu makini angefanya: akatafuta Hija ni nini, akakuta ibada inayoanza mwezi nane Mfunguo Tatu, yaani tarehe nane ya Dhulhija, na kumalizika mwezi kumi na tatu. Siku sita. Swali lake lilikuwa la haki, na barua ndiyo iliyolizaa.

Sheria inasema nini, na haisemi nini

Kabla ya kugusa dini tulikaa na sheria, kwa kuwa karani alikuwa ameshaambiwa na binamu yake aliyeko Ghuba kwamba likizo ya Hija ni haki na mwajiri hana njia ya kuikataa. Huko aliko binamu ni kweli kwa kiasi. Sheria ya Kazi ya Saudia humpa Mwislamu likizo ya kulipwa ya siku 10 hadi 15 kwa ajili ya Hija, mara moja, akiwa ametimiza miaka miwili kwa mwajiri wake. Kenya hatuna kifungu cha namna hiyo. Anayekwenda Hija kutoka hapa anakwenda kwa likizo yake ya mwaka, na zikipungua anaomba siku zisizo na malipo.

Likizo hiyo ya mwaka iko katika kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira ya 2007: si chini ya siku 21 za kazi zenye mshahara kamili kwa kila miezi 12 ya utumishi. Ndani ya kifungu hichohicho mna jambo ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo lililotufaa. Mwajiri anaweza kuigawa likizo vipande, lakini kwa ridhaa ya mfanyakazi. Na ikigawanywa, kipande kimoja lazima kiwe na wiki mbili za kazi mfululizo, isipokuwa kama mkataba wao unasema vinginevyo. Siku zinazobaki zinaweza kuchukuliwa hadi miezi 18 baada ya mwaka wake kwisha. Kwa hiyo kugawa kati ya Juni na Agosti hakukuwa amri ambayo meneja angeweza kuitoa peke yake. Lakini upande wa pili nao usifichwe: sheria haisemi kwamba mfanyakazi ndiye anayechagua tarehe. Kupata siku mfululizo ni jambo moja, kuzipata mwezi wa Mei ni jambo jingine, na hilo la pili huombwa.

Binamu alikuwa ametuma pia rasimu ya barua iliyojaa Katiba. Ibara ya 32 inalinda uhuru wa dini na inakataza mtu kunyimwa ajira au kuzuiwa kufaidi haki kwa sababu ya imani yake, na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinapiga marufuku ubaguzi wa dini kazini. Yote sahihi. Nikaiweka rasimu ile kando. Meneja hakuwa amekataa dini ya mtu. Alikuwa ameuliza swali na kutoa pendekezo baya. Ukimjibu muulizaji kwa Ibara ya 32, anaacha kukujibu yeye, anaanza kukujibu wakili wake. Karatasi ile ingetufaa kama angekataa kabisa bila sababu, au kama wenzake wasio Waislamu wangekuwa wanapewa wiki nne mfululizo na yeye ananyimwa.

Hesabu ya siku

Ofisi ile hufanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi. Kikundi kilipanga kuondoka Nairobi Jumanne 20 Mei na kurudi Jumamosi 14 Juni. Kutoka Malindi na mzee mwenye mkongojo huwezi kuamka ukapanda ndege ya Madina siku hiyohiyo, basi likizo ilibidi ianze Jumatatu 19 Mei. Upande wa kurudi tuliweka nafasi hadi Jumanne 17 Juni, arudi kazini Jumatano tarehe 18.

Kati ya 19 Mei na 17 Juni mna siku 26 zisizo Jumapili. Sikukuu ya Madaraka, 1 Juni, mwaka huo iliangukia Jumapili, na sikukuu ikiangukia Jumapili mapumziko huhamia Jumatatu. Zikabaki 25. Karani alikuwa na siku zake 21 za mwaka na nne alizobakiza mwaka uliotangulia. Jumla 25, bila kukopa hata moja. Idd ya kuchinja tulijua itaangukia humo humo, ila serikali huitangaza kuwa sikukuu siku zikiwa zimekaribia, kwa hiyo tukaihesabu kama siku ya kazi na kuiandika hivyo. Ingekuwa ovyo kumwambia mwajiri ahesabu sikukuu ambayo haijatangazwa.

Hapo ndipo "takriban siku 30" za barua ya kwanza zilipoonekana ubaya wake. Mwajiri akisoma 30 anaona siku tisa juu ya haki ya mfanyakazi. Akisoma 25, zote za kwake, anaona mtu anayeomba kilicho chake kwa mkupuo mmoja.

Kwa nini siku sita haziwezi kukaa peke yake

Sehemu hii ndiyo ilitugharimu muda, na ndiyo iliyobeba barua ya pili. Ilitulazimu kueleza kwa mtu asiyejua, bila kuhubiri, na bila kutia chumvi.

Cha kwanza ni kwamba siku zile sita zimefungwa kwa tarehe na mahali. Mwezi nane mahujaji huhirimia, yaani hutia nia na kuvaa ihramu, na kwenda Mina. Mwezi tisa husimama Arafa, na huo ndio moyo wa Hija wenyewe: aliyekosa kisimamo cha Arafa amekosa Hija ya mwaka ule, na hakuna siku ya kulipia hadi mwaka unaofuata. Usiku wake hulala Muzdalifa. Mwezi kumi hurusha mawe katika jamra kubwa, mojawapo ya nguzo tatu za Mina, huchinja, hunyoa, huizunguka Kaaba kwa tawafu na kusai kati ya Safa na Marwa. Mwezi kumi na moja na kumi na mbili, na kwa wengine kumi na tatu, hubaki Mina wakirusha mawe katika jamra zote tatu. Mwisho ni tawafu ya kuaga. Huwezi kuondoka katikati ukarudi Agosti kumalizia.

Cha pili ni mwezi wenyewe. Hija hufuata mwandamo unaotangazwa Saudia. Mfunguo Tatu wa mwaka huo ulianza 28 Mei, na habari hiyo ilithibitika jioni ya tarehe 27. Kabla ya hapo hakuna aliyeweza kuapa kama Arafa itakuwa Alhamisi 5 Juni au Ijumaa 6. Wakati huo mahujaji wengi wameshafika. Meneja alikuwa amesikia pia kwamba Pwani kuna wanaosali Idd siku moja na wengine siku inayofuata, akadhani tarehe za karani ni za kubahatisha. Tukamweleza kwamba tofauti ile ni ya hapa nyumbani, kati ya wanaongoja mwezi uonekane huku na wanaofuata wa Saudia. Aliyeko Makka hana tofauti hiyo.

Cha tatu ni safari, na hapa ndipo wiki zinapotoka. Hakuna anayekwenda Hija kwa tiketi aliyojikatia kama anakwenda kumtembelea nduguye Dubai. Kenya ina mgao wake wa mahujaji, viza ya Hija hutolewa kupitia kikundi kilichosajiliwa, na makazi, mabasi na mahema ya Mina hulipiwa miezi kadhaa kabla. Anga ya Jeddah na Madina hupokea mahujaji wa dunia nzima kwa zamu, kisha milango ya kuingia hufungwa siku chache kabla ya mwezi nane. Kurudi nako ni kwa zamu. Kikundi ndicho kinachopangiwa, na haji hufuata kikundi. Anayejaribu kukikwepa kikundi hujikuta nje ya mahema na nje ya mabasi, na joto la Hija ya 2024 lilionyesha maana ya jambo hilo: walikufa zaidi ya watu 1,300, na kwa maelezo ya Saudia walio wengi walikuwa wameingia bila kibali, wakitembea juani bila pa kujisitiri. Mwana anayemsukuma mamake hawezi kulichezea hilo.

Pendekezo la kuondoka tarehe 29 Mei lilianguka hapo. Siku hiyo kikundi chake kingekuwa kimeshafika Makka, na hakuna ndege ya pili ambayo viza yake ingemruhusu kuipanda peke yake.

Sasa kuna Madina. Ratiba ilikuwa na siku nane Madina kabla ya kwenda Makka, na karani katika rasimu yake ya pili aliandika kwamba siku hizo nane "ni sehemu ya Hija". Nikamwomba aifute sentensi hiyo. Ziara ya Madina ni kitu kitukufu, na wengi hukaa siku nane wapate sala arubaini katika msikiti wa Mtume, lakini Hija inasihi bila ya Madina, na Hadithi ya sala arubaini yenyewe wanazuoni wengi wa Hadithi wameidhoofisha. Kama meneja angemuuliza dereva wake, ambaye ni ustadhi wa madrasa jioni, angeambiwa hivyohivyo, na barua nzima ingeonekana imejaa uongo kwa sababu ya sentensi moja. Tukaandika ukweli: Madina imo kwa sababu kikundi kinashukia huko, na waliotua Madina huhirimia Dhulhulaifa wakielekea Makka. Vifurushi vifupi vya wiki mbili vipo, aghalabu kwa bei ya juu zaidi. Chake hakikuwa hicho, na fedha zilikuwa zimeshalipwa.

"Si aahirishe aende mwakani?"

Tulijua swali hili linakuja, kwa hiyo tukalijibu kabla halijaulizwa. Wengi katika nafasi ya karani wangeandika kwamba Hija ni faradhi na haiahirishwi. Sisi watu wa Pwani ni Mashafi, na katika madhehebu ya Imam Shafi Hija ni faradhi mara moja maishani kwa mwenye uwezo, kama ilivyo katika Aal Imran aya ya 97, lakini inaruhusiwa kucheleweshwa kwa mwenye azma ya kuitekeleza. Madhehebu mengine huihimiza papo hapo. Kuandika "haiahirishwi" kungekuwa kumdanganya mtu kwa jina la dini, na anayemjua Shafi angecheka.

Ila ruhusa hiyo ina mpaka: anayeogopa kwamba mwili utamwangusha hana tena nafasi ya kungoja. Hali hiyo ilikuwa ya mamake. Magoti yalikuwa yakimwendea kombo mwaka hadi mwaka, daktari wake alikuwa amempa ruhusa ya kusafiri mwaka huo kwa kigari, na hakuna aliyeweza kusema habari za mwaka ujao. Mwana naye hakuwa amehiji, ana uwezo, na ndiye wa kumsukuma. Hoja ikawa nyembamba lakini ya kweli: faradhi ya mama imefika ukingoni, na mtoto ndiye mguu wake.

Kulikuwa na hoja ya pili ambayo meneja, kwa kuwa mtu wa hesabu, ilimgusa kuliko ya kwanza. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi au kumi na moja. Arafa ilikuwa 15 Juni mwaka 2024, ikawa 5 Juni mwaka 2025, na kwa hesabu ingekuwa karibu na 26 Mei mwaka 2026. Kuahirisha mwaka mmoja kungeitoa Hija katika siku za kuwasilisha kodi na kuitupa juu ya siku za kutayarisha mishahara yenyewe. Kampuni isingepata nafuu yoyote.

Tatizo lenyewe lilikuwa tarehe 28 na tarehe 9

Niliitazama tena kalamu nyekundu: kuanzia 29 Mei. Kwa nini 29? Karani akacheka. Mishahara ya kampuni hutayarishwa ikaidhinishwa tarehe 28. Meneja alikuwa akitafuta namna ya kumbakiza hadi mishahara itoke, basi. Na alipomrudisha tarehe 12 alikuwa amesahau tarehe nyingine mbaya zaidi: PAYE, NSSF na SHIF, yaani kodi ya mishahara na michango ya pensheni na ya afya, huwasilishwa kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kwisha. Mwaka huo 9 Juni ilikuwa Jumatatu, mwezi kumi na tatu Mfunguo Tatu, yeye akiwa Mina au akitoka Mina. Kuchelewesha PAYE kuna faini ya asilimia 25 ya kodi inayodaiwa au shilingi 10,000, ile iliyo kubwa.

Barua ambayo haisemi neno kuhusu tarehe hizo mbili ingejibiwa "hapana" hata kama ingeandikwa na kadhi. Tukapanga hivi. Msaidizi wa hesabu atatayarisha mishahara ya Aprili yeye mwenyewe, karani akiwa pembeni, ili makosa yatokee mwenyewe akiwepo. Mishahara ya Mei itaanzwa mapema: mishahara ya msingi na makato ya kudumu yatakuwa yameingizwa kufikia 17 Mei, zibaki saa za ziada na siku za kutokuwepo kazini. Msaidizi atapewa ruhusa yake mwenyewe ya kuingia iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, kwa niaba ya kampuni. Karani alitaka kumwachia neno lake la siri. Nilimkataza, maana likitokea kosa hakuna atakayejua nani alibonyeza.

Ile ahadi ya kupatikana kwa simu wakati wote tuliiondoa. Kwanza si kweli: kuanzia adhuhuri ya Arafa hadi magharibi mtu hayuko kwa ajili ya saa za ziada za dereva wa lori. Pili, aliyeahidi kufanya kazi likizoni amempa mwajiri sababu ya kumhesabia likizo vibaya. Tukaweka mpaka unaosemeka.

Barua iliyokwenda

Hii hapa, nikiwa nimeondoa majina na anwani:

27 Januari 2025

Kwa Meneja Mkuu,

KUH: OMBI LA LIKIZO YA MWAKA MFULULIZO, 19 MEI HADI 17 JUNI 2025, KWA AJILI YA HIJA

Bwana Meneja, nashukuru kwa majibu yako. Swali lako la siku sita ni la haki, nami sikulieleza katika barua yangu ya kwanza.

Naomba likizo yangu ya mwaka ya siku 21 pamoja na siku nne nilizobakiza mwaka jana, jumla siku 25 za kazi, kwa kipindi kimoja kuanzia Jumatatu 19 Mei hadi Jumanne 17 Juni 2025. Nitaripoti kazini Jumatano 18 Juni. Hesabu imeondoa Jumapili na Jumatatu 2 Juni. Idd ikitangazwa kuwa sikukuu ndani ya kipindi hicho, siku hiyo irudi katika likizo yangu.

Hija ni nguzo ya tano ya Uislamu, faradhi mara moja katika maisha kwa mwenye uwezo. Ibada yenyewe ni siku sita, zinazotarajiwa kuwa 4 hadi 9 Juni, na tarehe kamili itathibitishwa Saudia mwishoni mwa Mei. Aliyekosa siku ya Arafa amekosa Hija nzima. Siku nyingine za safari zinatokana na kwamba mahujaji huingia na kutoka kwa vikundi, kwa ndege na viza zilizopangwa. Kikundi changu kinaondoka Nairobi 20 Mei na kurudi 14 Juni. Nimeambatisha ratiba na risiti. Siwezi kuingia baadaye wala kutoka mapema peke yangu, na ndiyo sababu siwezi kuigawa likizo hii.

Nafuatana na mamangu mwenye umri wa miaka 71, ambaye hawezi kusafiri bila mtu wa kumsaidia. Dini inaruhusu mwenye afya kungoja. Yeye hana uhakika wa mwaka mwingine. Tena mwakani Arafa itakaribia tarehe 26 Mei, siku za kutayarisha mishahara.

Mishahara ya Mei na mawasilisho ya 9 Juni yatafanywa na msaidizi wa hesabu, aliyekubali. Atatayarisha ya Aprili chini ya uangalizi wangu. Mpango kamili uko ukurasa wa pili. Nitaweza kujibu ujumbe hadi 3 Juni na tena kuanzia 11 Juni. Kati ya hapo sitapatikana.

Kabla ya safari nitahitaji pia siku moja mwezi wa Aprili kwa chanjo na semina ya mahujaji Mombasa. Naomba siku hiyo niifidie Jumapili inayofuata kwa kuhesabu mali ghalani.

Ndege zikibadilika nitakujulisha siku hiyohiyo. Wako mtiifu.

Siku ile moja ya Aprili ilionekana ndogo, ila niliisisitiza. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo na ya homa ya manjano zinatakiwa zipite siku kumi kabla ya kufika, na semina ya manasiki, taratibu za ibada ya Hija, huwezi kuikosa ukiwa ndiye unayemwongoza mzee. Mwajiri aliyekubali siku 25 hukasirishwa na ya 26 inayomjia ghafla kuliko alivyosumbuliwa na hizo zote.

Yaliyofuata

Meneja alimwita baada ya siku tatu. Hakuuliza tena neno juu ya dini. Maswali yake yote yalikuwa ya ukurasa wa pili: nani ataidhinisha benki msaidizi akiugua, na itakuwaje ndege ya kurudi ikichelewa. La kwanza walikubaliana mhasibu wa nje wa kampuni ashike. La pili, karani alisema siku zitakazozidi 17 Juni zihesabiwe bila malipo, mradi kikundi kitoe barua. Meneja akaandika hayo mawili chini ya barua, akatia sahihi, akampa nakala. Nakala hiyo ni muhimu kuliko maneno matamu. Mameneja huhama, na mwezi wa Januari uko mbali na Mei.

Ndege zilibadilika kweli. Kuondoka kukasogea hadi 22 Mei na kurudi hadi 16 Juni. Kama tungeomba hadi tarehe 14 pekee, kwa kuogopa kuonekana tunadai mno, barua ingefunguliwa upya mahujaji wakiwa wamefunga mizigo. Kwa nafasi tuliyoiacha alituma ujumbe mmoja wenye tarehe mpya, akajibiwa "sawa, safari njema". Tarehe 17 alilala nyumbani, tarehe 18 akawa mezani kwake, kipara kikiwa bado kinang'aa.

Mawasilisho ya Juni yaliingia Alhamisi tarehe 5, siku ya Arafa yenyewe, kwa kuwa msaidizi aliona Ijumaa imetangazwa sikukuu ya Idd akaamua asingoje Jumatatu. Kulikuwa na kosa moja: saa za ziada za dereva wa Watamu ziliingizwa mara mbili. Likarekebishwa katika mishahara ya Juni, dereva akinung'unika.

Kwa tangazo lile la Idd, likizo aliyotumia ikawa siku 24, na ya ishirini na tano ikarudi kwenye kadi yake. Aliiomba Agosti kwa barua ya mistari miwili, yenye tarehe.